Mhadhara Mmoja, Kadi Tatu na Jedwali la Gharama

Katika muhula wa vuli wa 2011, Profesa Srini Devadas wa Chuo cha MIT nchini Marekani alifundisha mhadhara wa tatu wa kozi namba 6.006, kozi ya utangulizi wa algoriti. Mhadhara huo ulirekodiwa na chuo kikauweka hadharani bure, kwa hiyo mwanafunzi yeyote mwenye intaneti anaweza kuutazama. Ndani yake mna njia tatu za kupanga orodha ya namba kutoka ndogo hadi kubwa: kupanga kwa kuchomeka, kupanga kwa kuchomeka huku mahali pakitafutwa kwa kugawa nusu kwa nusu, na kupanga kwa kuunganisha. Anayeutazama mara moja hutoka akiamini ameuelewa wote. Akiulizwa wiki mbili baadaye ni kumbukumbu kiasi gani ya kompyuta inayotumiwa na njia ya tatu, na kwa nini, majibu huanza kugongana.

Sababu ni kwamba mhadhara una mpangilio wa msikilizaji, si wa mtumiaji. Mhadhiri huanza na matumizi, akachora mfano ubaoni, akauacha kidogo kujibu swali, akataja gharama, akarudi kwenye hatua aliyoiruka. Daftari linalofuata maneno yake linabeba vurugu hiyo hiyo. Ndiyo maana wanafunzi wengi wa sayansi ya kompyuta huuvunja mhadhara kuwa kadi: kila algoriti na kadi yake, hatua zikiandikwa kwa msimbo bandia, yaani maandishi yenye umbo la programu lakini yasiyofungwa na sheria za lugha yoyote ya kompyuta. Mwishoni huja jedwali moja linalolinganisha gharama za muda na za kumbukumbu.

Kazi hiyo inaonekana kama ya kunakili tu. Sivyo. Jedwali zuri halinakiliwi kutoka ubaoni wala kitabuni. Kila kisanduku chake hutolewa kwenye mistari ya kadi, na mwandishi aweze kunyooshea kidole mstari uliokizaa. Mhadhara huu wa MIT unafaa kuonyesha hilo kwa sababu una mtego mmoja mzuri sana katikati yake.

Hatua ya kwanza ni kupitia maandishi ya mhadhara na kutenga aina mbili za sentensi: zinazosema nini kifanyike, na zinazosema kinagharimu kiasi gani. Mengine yote, hata yakiwa ya kuvutia, hayaendi kwenye kadi. Kisha huja uamuzi mdogo ambao ukipuuzwa huleta makosa ya kudumu: nafasi ya kwanza ya orodha inaitwa 0 au 1? Kitabu maarufu cha algoriti cha Cormen na wenzake, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1990, kwa kawaida huhesabu nafasi kuanzia 1. Lugha ya Python huanza na 0. Anayechanganya kitabu na Python kwenye kadi moja atapata algoriti inayosahau kitu cha kwanza, au inayosoma kitu kisichokuwepo mwishoni. Kadi zilizo hapa zote zinaanza na 0, na n ni idadi ya vitu.

Algoriti ya kwanza hufanya kile anachofanya mcheza karata anapopanga karata mkononi: huokota moja, huilinganisha na zilizokwisha pangwa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huichomeka mahali pake.

```
CHOMEKA(A, n)
1  kwa i = 1 hadi n - 1
2      k = A[i]
3      j = i - 1
4      wakati j >= 0 na A[j] > k
5          A[j + 1] = A[j]
6          j = j - 1
7      A[j + 1] = k
```

Hapa mtengenezaji wa kadi amekwisha fanya chaguo. Mhadhara unaeleza kuchomeka kwa kubadilishana: kitu na jirani yake wanabadilishana nafasi, mara moja baada ya nyingine, mpaka kitu kifike kwake. Kadi hii inasogeza badala ya kubadilishana. Idadi ya kusogeza ni sawasawa na idadi ya kubadilishana, ila kubadilishana mara moja huhitaji kuandika mara tatu kwenye kumbukumbu, na kusogeza huandika mara moja. Kiwango cha ukuaji wa gharama hakibadiliki. Chaguo la namna hii linastahili kuandikwa pembeni mwa kadi, maana bila hivyo msomaji atadhani kadi na video vinapingana.

Sasa kadi ijaribiwe kwa mkono, kwa orodha fupi ya 5, 2, 4, 6, 1, 3. Kitu cha pili, 2, kinalinganishwa mara moja na 5, na 5 inasogea. Kisha 4 inalinganishwa na 5, ambayo inasogea, halafu na 2, ambayo inabaki. Namba 6 inalinganishwa mara moja tu na hakuna kinachosogea. Namba 1 ndiyo ghali: inalinganishwa mara nne na kusukuma vitu vinne. Mwisho 3 inalinganishwa mara nne na kusogeza vitu vitatu. Jumla ni kulinganisha mara 12 na kusogeza mara 9.

Hiyo 9 haikutokea kwa bahati. Ni idadi ya jozi zilizokaa kinyume katika orodha ya mwanzo, yaani kubwa ikiwa mbele ya ndogo: 5 iko mbele ya ndogo nne, 2 mbele ya moja, 4 mbele ya mbili, 6 mbele ya mbili. Nne, moja, mbili na mbili ni tisa. Orodha iliyopangwa tayari haina jozi ya kinyume hata moja, kwa hiyo mstari wa 5 hautekelezwi kabisa na kazi yote ni kulinganisha mara n - 1. Orodha iliyogeuzwa kabisa ina jozi zote za kinyume, n(n - 1)/2. Kwa vitu 1,000 hizo ni 499,500. Hapo ndipo n² ya jedwali inapotoka, na mwanafunzi aliyeihesabu kwa kidole juu ya mstari wa 5 hataikariri tena.

Kadi ya pili ndiyo yenye mtego. Wazo lake ni la haki kabisa: sehemu ya kushoto imekwisha pangwa, basi kwa nini kulinganisha kimoja kimoja? Tazama kitu cha katikati, tupa nusu isiyohusika, rudia.

```
CHOMEKA-NUSU(A, n)
1  kwa i = 1 hadi n - 1
2      k = A[i]
3      chini = 0, juu = i
4      wakati chini < juu
5          kati = (chini + juu) // 2
6          ikiwa k < A[kati]: juu = kati
7          la sivyo: chini = kati + 1
8      sogeza A[chini .. i - 1] hatua moja kulia
9      A[chini] = k
```

Alama `//` ni kugawanya na kutupa sehemu ya desimali. Kila mzunguko wa mistari ya 4 hadi 7 hukata nusu ya eneo la kutafuta, kwa hiyo mahali pa kitu kimoja hupatikana kwa kulinganisha mara zisizozidi takriban log n. Logi inayotumika hapa ni ya msingi wa 2: inahesabu ni mara ngapi namba inaweza kugawanywa kwa mbili kabla haijafika moja. Logi ya 1,000 ni karibu 10. Kupanga vitu 1,000 kwa njia hii huhitaji kulinganisha mara zisizofika 9,000, hata hali ikiwa mbaya kabisa. Ukizikumbuka zile 499,500, ushindi unaonekana mkubwa, na kalamu inakimbilia jedwali kuandika kwamba muda ni n log n.

Kalamu isimame kwenye mstari wa 8. Kwenye karatasi ni mstari mmoja. Ndani ya mashine ni mistari mingi. Kusogeza kipande cha orodha kunamaanisha kuhamisha kila kitu kilichomo, kimoja baada ya kingine, na kwa orodha iliyogeuzwa kabisa uhamishaji huo bado ni mara 499,500. Kujua mahali pa kukaa hakumwondoi mtu aliyekalia kiti. Kadi ya pili imepunguza kulinganisha tu. Kuhamisha kumebaki pale pale, na muda wote katika hali mbaya ni n² kama ule wa kadi ya kwanza. Devadas mwenyewe analitofautisha jambo hili mhadharani, lakini ni sentensi ambayo hupotea kwa urahisi kwenye daftari kwa sababu inakuja mara tu baada ya habari njema.

Kwa hiyo kanuni ya kazi ya mtengenezaji wa kadi ni hii: kila mstari wenye kitenzi kizito, kama sogeza, nakili, tafuta, futa, ongeza katikati, upewe gharama yake pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine. Mstari wa 8 unaandikiwa "hadi i". Mistari ya 5 hadi 7 inaandikiwa "log i". Baada ya hapo kujaza jedwali ni kujumlisha.

Wapo watakaouliza kama tatizo la kusogeza haliwezi kuondolewa kwa kuhifadhi vitu kwa namna nyingine, kila kimoja kikishika anwani ya kinachokifuata, ili kuchomeka kuwe ni kubadilisha anwani mbili tu. Kuchomeka kutakuwa rahisi kweli. Lakini orodha ya namna hiyo hairuhusu kurukia katikati. Ili kufika kitu cha 500 lazima kupitia 499 vya kabla yake. Kuifikia A[kati] kwenye mstari wa 6 wa kadi, kulikokuwa bure, sasa ndiko kunakogharimu.

Kadi ya tatu inahitaji pande mbili, maana ni algoriti mbili zinazosaidiana. Ya kwanza inagawa orodha nusu kwa nusu na kujiita yenyewe juu ya kila nusu. Ya pili inaunganisha nusu mbili zilizokwisha pangwa. Njia hii inahusishwa na mwanahisabati John von Neumann, aliyeibuni mwaka 1945.

```
PANGA(A)
1  ikiwa urefu(A) <= 1: rudisha A
2  m = urefu(A) // 2
3  L = PANGA(A[0 .. m - 1])
4  R = PANGA(A[m .. mwisho])
5  rudisha UNGANISHA(L, R)

UNGANISHA(L, R)
1  i = 0, j = 0, B = orodha tupu
2  wakati i < urefu(L) na j < urefu(R)
3      ikiwa L[i] <= R[j]: ongeza L[i] kwenye B; i = i + 1
4      la sivyo: ongeza R[j] kwenye B; j = j + 1
5  ongeza mabaki ya L, kisha ya R
6  rudisha B
```

Vidole viwili, `i` na `j`, vina sababu ya kuwepo. Wengi huandika kwa kifupi "toa kitu cha kwanza cha L", na kwenye Python wanakitoa kwa `L.pop(0)`. Amri hiyo huondoa kitu cha kwanza kisha huvisogeza vyote vilivyobaki nafasi moja mbele: ule ule uzito wa mstari wa 8 wa kadi iliyopita, umejificha upya. Kusogeza vidole hakugharimu chochote cha maana.

Alama ya `<=` kwenye mstari wa 3 nayo si ya kupamba. Tuseme orodha ya wanafunzi imekwisha pangwa kwa alfabeti, sasa inapangwa upya kwa alama za mtihani. Kwa `<=`, wenye alama sawa wanabaki katika mpangilio wao wa alfabeti, kwa sababu wa kushoto hupewa kipaumbele. Ikiandikwa `<`, wa kulia anatangulia na alfabeti inavurugika. Majibu ya namba tupu hayatawahi kufichua kosa hilo, maana 70 moja haitofautiani na 70 nyingine. Lazima kadi ijaribiwe kwa jozi za jina na alama.

Muda wa kadi hii unahesabiwa kwa ngazi. Kwa vitu 8, ngazi ya juu inaunganisha nusu mbili za vitu vinne na kuhamisha vitu 8. Ngazi inayofuata ina miunganisho miwili ya vitu vinne vinne: 8 tena. Ya chini yake, miunganisho minne ya viwili viwili: 8. Ngazi tatu mara 8 ni 24. Kwa ujumla kuna ngazi log n, kila moja ikihamisha n.

Kwenye kumbukumbu ndipo kosa la pili linapozaliwa. Mwanafunzi anaona orodha mpya zikiundwa kwenye kila ngazi, anazidisha n kwa log n, na kuandika kwamba kumbukumbu ya ziada ni n log n. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama orodha zote zingeishi kwa wakati mmoja. Lakini mstari wa 4 wa PANGA hauanzi mpaka wa 3 umalizike, na ukimalizika, vipande vidogo vilivyotumika ndani yake vimekwisha achiliwa. Wakati wowote ule, ngazi ya juu inashikilia vitu visivyozidi n, ya chini yake n/2, kisha n/4, na kuendelea. Ukijumlisha mfululizo huo hufiki 2n. Gharama ya kumbukumbu ni n, pamoja na kumbukumbu ndogo ya kufuatilia miito iliyo wazi, ambayo kwa vitu milioni moja ni ngazi 20 tu. Muda ukishapita haurudi. Kumbukumbu iliyoachiliwa hutumika tena. Ndiyo maana gharama hizi mbili haziwezi kujumlishwa kwa kanuni moja.

Sasa jedwali linaweza kujazwa. Badala ya safu moja ya muda, lina safu mbili za hali mbaya, kwa sababu kadi ya pili haiwezi kuelezwa kwa safu moja bila kudanganya. Alama ya Θ inamaanisha gharama hukua kwa kiwango hicho hasa, si zaidi wala si pungufu.

| Algoriti | Kulinganisha, hali mbaya | Kuhamisha, hali mbaya | Muda, hali nzuri | Kumbukumbu ya ziada |
|---|---|---|---|---|
| Kuchomeka | Θ(n²) | Θ(n²) | Θ(n) | Θ(1) |
| Kuchomeka kwa nusu | Θ(n log n) | Θ(n²) | Θ(n log n) | Θ(1) |
| Kuunganisha | Θ(n log n) | Θ(n log n) | Θ(n log n) | Θ(n) |

Safu ya hali nzuri inastahili kutazamwa mara mbili. Orodha ikiwa imepangwa tayari, kadi ya kwanza inagundua hilo kwa kulinganisha mara moja kwa kila kitu. Kadi ya pili, iliyokusudiwa kuwa maboresho, inaanzia katikati kila mara bila kujali, na hivyo inalipa log n kwa kila kitu. Kadi ya tatu inagawa na kuunganisha vile vile, data iwe nzuri au mbaya. Jedwali lenye safu moja tu ya "muda" lingeyafuta haya yote.

Kabla ya kulikubali, jedwali hujaribiwa kwa kuongeza ukubwa maradufu. Andika kila kadi kwa Python, weka vihesabio viwili, kimoja kwenye mistari ya kulinganisha na kingine kwenye mistari ya kuhamisha, na uilishe orodha iliyogeuzwa ya vitu 1,000, kisha ya 2,000. Kihesabio cha kuhamisha cha kadi ya kwanza kinapaswa kutoka 499,500 hadi 1,999,000, takriban mara nne. Cha kadi ya pili kifanye hivyo hivyo. Kisipofanya, mstari wa 8 umeandikwa kwa amri iliyo tayari, kama `insert`, ambayo inahamisha bila kihesabio kuona. Kwa kadi ya tatu, vitu 1,000 kwa ngazi 10 ni kama 10,000, na vitu 2,000 kwa ngazi 11 ni kama 22,000, yaani zaidi kidogo ya mara mbili. Vihesabio vinategemewa kuliko saa, kwa sababu saa ya kompyuta hupima pia kila programu nyingine inayoendeshwa pembeni.

Jambo moja jedwali haliwezi kulisema, na nafasi yake ni mgongoni mwa kadi. Θ inazungumzia orodha inapokua. Haisemi lolote kuhusu orodha ya vitu 30. Kwa urefu huo, kadi ya tatu inatumia muda kujiita na kuunda orodha mpya, wakati za kuchomeka zinamaliza kazi pale pale. Tim Peters alipoandika njia ya kupanga ya Python mwaka 2002, inayojulikana kama Timsort, alizitumia zote mbili: vipande vifupi hupangwa kwa kuchomeka kwa nusu kwa nusu, kisha vipande hivyo vinaunganishwa. Orodha yenye vitu visivyofika 64 haifiki hata hatua ya kuunganisha. Alichagua kadi ya pili badala ya ya kwanza kwa sababu ndani ya Python kulinganisha vitu viwili, majina kwa mfano, ni kazi nzito inayoweza kuita programu nyingine, ilhali kuhamisha ni kunakili anwani tu. Safu mbili za jedwali, zilizotenganishwa kwa kulinganisha na kuhamisha, hazina bei moja kwenye mashine halisi, na mgongo wa kadi ndio mahali pa kuandika ni ipi iliyo ghali kwa data aliyonayo mtumiaji.